Lengo, mbinu na matokeo: tuisome pamoja ikisiri ya vyandarua vya Kilifi

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni wa mwaka wa kwanza, nasoma afya ya jamii, nyumbani ni Muyeye hapa Malindi. Tulipewa ikisiri ya utafiti wa vyandarua uliofanyika Kilifi tuandike sentensi tatu tu: lengo, mbinu, matokeo. Kwenye matokeo niliandika kwamba vyandarua vilipunguza vifo vya watoto Gambia, na kwenye mbinu nikaandika kwamba watoto 11,000 walipewa vyandarua. Yote mawili yakakatwa. Nimeirudia mara nne na kila sentensi naiona muhimu. Nianzie wapi?*

Marahaba, mwanangu. Anzia karibu na mwisho, pale penye tarakimu za matokeo, kisha urudi nyuma. Ukianza juu na kushuka utakutana kwanza na habari za watu wengine, nawe utazibeba ukidhani ni za hawa. Ndivyo Gambia ilivyoingia kwenye karatasi yako.

Ikisiri uliyopewa naijua vizuri. Ilichapishwa mwaka 1996, nami nimeitumia miaka mingi kufundishia, kwa sababu ni fupi, imeandikwa kwa uangalifu, na inahusu watoto wa pwani hii yetu. Hapa nimeifasiri kwa maneno yangu na kuigawa vipande vinane. Weka karatasi yako ya Kiingereza pembeni tuende pamoja.

1. Zana mpya za kuzuia maradhi na vifo vya malaria zinahitajika ili watoto wengi zaidi waishi, Afrika kusini mwa Sahara.

2. Vyandarua vyenye dawa vimeonyeshwa, katika mahali pamoja, yaani Gambia, kwamba hupunguza vifo vya watoto.

3. Ili kupima athari ya vyandarua hivyo kwa uhai wa watoto katika mazingira tofauti ya ugonjwa na ya utamaduni, tulifanya jaribio lenye ulinganisho, jamii zikigawanywa kwa bahati nasibu, kwa vyandarua vilivyotiwa pamethrini, gramu 0.5 kwa kila mita ya mraba, miongoni mwa watu wa vijijini pwani ya Kenya.

4. Kati ya 1991 na 1993 ufuatiliaji wa vizazi na vifo vijijini, ukiunganishwa na ufuatiliaji wa wagonjwa waliolazwa hospitalini, ulibaini vifo vyote na matukio ya malaria kali kwa miaka 2 katika idadi ya watoto zaidi ya 11,000 walio chini ya miaka 5.

5. Julai 1993 jamii 28 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zilipewa vyandarua, zikaelekezwa namna ya kuvitumia, na vyandarua vikarudiwa kutiwa dawa kila miezi 6.

6. Jamii 28 zilizosalia zilikuwa za kulinganishia kwa miaka 2 iliyofuata, na ufuatiliaji wa vijijini na hospitalini uliendelea mpaka mwisho wa Julai 1995.

7. Kuletwa kwa vyandarua kulisababisha upungufu wa maana wa vifo vya watoto (PE 33%, CI 7–51%) na wa malaria kali ya kutishia maisha (PE 44%, CI 19–62%) kwa watoto wa mwezi 1 hadi miezi 59.

8. Matokeo haya yanathibitisha thamani ya vyandarua vyenye dawa katika kuokoa maisha ya watoto, na yanatoa ushahidi wa kwanza wa nafasi yake mahususi katika kupunguza malaria kali.

Sasa tazama vitenzi. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati katika jambo hili, maana wakati wa kitenzi chetu unakaa katikati ya neno, na jicho linauona upesi. Kipande cha 2 kina *-me-*: vimeonyeshwa. Vipande vya 3 mpaka 7 vina *-li-*: tulifanya, ulibaini, zilipewa, uliendelea, kulisababisha. Cha 8 kina *-na-*: yanathibitisha, yanatoa. Nacho cha 1 kina *-na-* vilevile: zinahitajika. Sikuvipanga hivyo ili nikupendeze. Rudi kwenye karatasi yako ya Kiingereza uone mwenyewe: kitenzi cha sentensi ya Gambia kiko katika wakati timilifu, vya jaribio viko katika wakati uliopita, na sentensi ya mwisho iko katika wakati uliopo.

Kila wakati una kazi yake. Anayesema *vimeonyeshwa* anataja jambo lililokwisha kufanywa kabla yake, mara nyingi na watu wengine, ambalo amelikuta. Huo ni usuli. Anayesema *tulifanya* au *zilipewa* anasimulia kazi ya utafiti huu, pamoja na kilichotokea ndani yake. Na anayesema *yanathibitisha* ameshaacha kusimulia, anatoa hukumu juu ya kile alichokipata. Hukumu ile inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini ni maoni ya waandishi juu ya matokeo, na mhadhiri akikuuliza matokeo hataki hukumu.

Kwa hiyo, kabla hujajaribu kuelewa neno lolote gumu, chukua penseli upitie vitenzi peke yake. Kipande chenye *-me-* kipige mstari pembeni, chenye *-na-* kipige mistari miwili, chenye *-li-* ukiache kitupu. Kwenye ikisiri hii vitabaki vitupu vipande vitano, cha 3 mpaka cha 7. Sentensi zako tatu zimo humo, na Gambia imekwisha toka yenyewe bila wewe kujua hata pamethrini ni kitu gani.

Usitegemee kitenzi kutokuwa na mtenda. Wanafunzi wangu wengi huambiwa kwamba penye "tulifanya" ndipo penye kazi ya waandishi, na penye "imeonyeshwa" ni ya wengine. Hapa kanuni hiyo ingekupoteza, maana "jamii 28 zilipewa vyandarua" nayo haitaji aliyezipa, na bado ni kazi yao. Kinachotenganisha ni wakati wa kitenzi, pamoja na mahali na mwaka. Gambia si pwani ya Kenya. Jambo likitajwa mahali pasipo pa utafiti, si matokeo ya utafiti huo hata kama linafanana nayo kama mapacha. Na hapa yanafanana hasa, ndiyo maana ulikosea: kule vifo vya watoto vilipungua, na huku vikapungua. Kosa lako lilikuwa la msomaji makini aliyeona jambo la maana akalikamata mapema mno.

Tuingie kwenye vile vipande vitano. Baadhi vinasema watafiti walifanya nini, na kimoja kinasema nini kilitokea. Kukipata hicho si kazi: ni cha 7, chenye alama za asilimia. Lakini usikubali asilimia peke yake ikutoshe. Jiulize: asilimia 33 ya nini, na ukilinganisha na nini? Swali hili ndilo linalokurudisha nyuma kutoka matokeo mpaka mbinu, na ndiyo sababu nilisema uanzie chini.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulisema vibaya mbele za watu. Nilikuwa kijana, nimealikwa kwenye mkutano wa akina mama huko Ganda kuzungumza juu ya neti. Nikasimama nikasema utafiti umeonyesha kwamba neti yenye dawa huokoa watoto 33 katika kila 100. Mkunga mmoja mtu mzima akanyanyua mkono akaniuliza, "Mwanangu, ina maana bila neti wote mia hufa?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaisoma ikisiri upya mpaka usiku, nikatambua kwamba nilikuwa nimeichukua asilimia nikaitenganisha na kitu inachopima.

Hizo herufi PE ni kiwango cha kinga. Hukipata kwa kulinganisha makundi mawili: unachukua kasi ya vifo katika jamii zenye vyandarua, unaigawa kwa kasi ya vifo katika jamii za kulinganishia, kisha unaitoa katika 1.

```
PE = 1 - (kasi ya vifo, jamii zenye vyandarua / kasi ya vifo, jamii za kulinganishia)
0.33 = 1 - 0.67
```

Yaani vifo kwenye jamii zenye vyandarua vilikuwa kama theluthi mbili ya vifo kwenye jamii nyingine. Asilimia 33 ni ya vifo, si ya watoto. Ukitaka kuiona, chukulia kijiji ambacho katika watoto 1,000 hufa 30 kwa kipindi fulani. Hiyo 30 nimeichagua ili hesabu iwe nyepesi, haimo kwenye ikisiri. Punguza theluthi moja, watakufa 20. Waliookolewa ni 10 katika 1,000. Ni watoto 10 ambao mama zao hawatawazika, na ni jambo kubwa mno, lakini si 33 katika 100. Mkunga yule alikuwa na haki ya kuniuliza.

Na CI ni nini? Ni mpaka wa chini na mpaka wa juu wa makadirio. Jaribio lilikuwa na jamii 56, na kura ingeweza kuangukia nyingine. Kwa hiyo waandishi wanasema makadirio yao bora ni 33, lakini kwa data waliyonayo upungufu wa kweli unaweza kuwa mdogo kama 7 au mkubwa kama 51. Wewe wa mwaka wa kwanza huhitaji hesabu yake leo. Unahitaji mambo mawili tu. La kwanza, mpaka wa chini ni zaidi ya sifuri, ndiyo maana wakaandika upungufu ni "wa maana", wakikusudia kwamba ni vigumu kusema umetokea kwa bahati tu. Neno hilo kwenye takwimu halisemi "mkubwa" wala "muhimu", kwa hiyo usilifasiri hivyo. La pili, 51 si matokeo. Nimesoma karatasi nyingi za wanafunzi zilizoandika kwamba vifo vilipungua "kwa asilimia 7 hadi 51", kana kwamba kijiji kimoja kilipata 7 na kingine 51. Andika 33, na ukipata nafasi uongeze ile mipaka baada yake.

Sasa tumeuliza "ukilinganisha na nini", na jibu liko kipande cha 5 na cha 6: jamii 28 zilizopewa, na jamii 28 zilizosalia. Huo ulinganisho ndio mbinu. Mengine yote yaliyomo ni vifaa vyake. Mwanafunzi akinieleza ni nani alilinganishwa na nani, waligawanywaje, na kitu gani kilihesabiwa kwa muda gani, huwa namkubalia mbinu yake, hata kama hakutaja pamethrini.

Tuone basi ile 11,000 yako. Iko kipande cha 4, na kipande cha 4 kinazungumzia 1991 mpaka 1993. Vyandarua vilitolewa Julai 1993. Kwa hiyo ile idadi ni ya watoto waliokuwa wakifuatiliwa *kabla* ya chandarua hata kimoja kutolewa, vijiji vyote kwa pamoja, vile vitakavyopewa na vile visivyopewa. Haiwezekani kuwa idadi ya waliopewa. Ona pia kwamba ikisiri haisemi popote kwamba watoto walipewa vyandarua. Zilizopewa ni *jamii*. Kura haikupigwa kwa mtoto mmoja mmoja, yaani Saumu apate na Kadzo akose ilhali nyumba zao zimepakana. Ilipigwa kwa jamii nzima. Katika jaribio la namna hii ukiandika "watoto waligawanywa kwa bahati nasibu" umeandika jaribio jingine kabisa, na mhadhiri makini atakukata.

Dawa ya kosa hili ni ndogo. Kila ukikuta tarakimu, iandike kwenye karatasi pamoja na nomino yake na mwaka wake, usiiache peke yake. 11,000: watoto, 1991–1993, wote. 28: jamii, Julai 1993, zenye vyandarua. 28: jamii, mpaka Julai 1995, za kulinganishia. 6: miezi, kati ya kutia dawa na kutia tena. Ukimaliza, panga kwa mwaka. Utaona miaka miwili ya kuhesabu bila chandarua, kisha vyandarua vinaingia kwa nusu ya jamii, kisha miaka miwili mingine ya kuhesabu. Ikisiri imekunjuka kama mkeka.

Limebaki lengo, na watu wengi hushangaa nikiwaambia walitafute mwisho. Sababu yake ni kwamba lengo ni swali, na matokeo ni jibu lake. Ukiwa na jibu mkononi, swali utalitambua mara moja utakapolikuta. Tunatafuta basi swali ambalo jibu lake ni "ndiyo, vifo vilipungua kwa asilimia 33". Kipande cha 1 hakifai: "zana mpya zinahitajika" ni hoja ya jumla, na hakuna jaribio linaloweza kuijibu. Kipande cha 3 kinafaa, na kinaanza na lile neno dogo *ili*. "Ili kupima athari ya vyandarua kwa uhai wa watoto katika mazingira tofauti…" Hapo ndipo penye lengo, mpaka kwenye mkato. Baada ya mkato, "tulifanya jaribio…", mbinu imeanza. Sentensi moja imebeba vitu viwili, na waandishi wa ikisiri hufanya hivi mara nyingi kwa sababu wanahesabiwa maneno. Usihangaike kutafuta sentensi nzima ya lengo. Mara nyingi hakuna, kuna nusu tu.

Usiyaache maneno "katika mazingira tofauti". Yanaonekana kama pambo lakini ndiyo uhai wa lengo. Ungeandika "lengo ni kupima kama vyandarua vinapunguza vifo vya watoto", mtu angekuuliza: si imeshajulikana Gambia? Watafiti hawa walitaka kujua kama kilichofaa mahali pamoja Afrika Magharibi kitafaa na huku, ambako ugonjwa unaenea kwa namna nyingine na watu wana desturi zao za kulala na kuishi. Kwa hiyo lengo lisilotaja mahali halijakamilika.

Sasa tufanye jaribio la mwisho: soma lengo na matokeo pamoja, swali na jibu, uone kama vinaoana. Hapa kuna kitu ambacho msomaji wa haraka hawezi kukiona. Lengo linataja *uhai* wa watoto. Matokeo yanataja vitu viwili, vifo na malaria kali. Hiyo malaria kali imetoka wapi? Unapoona matokeo yamezidi swali, una haki ya kushuku kwamba waandishi waliongeza jambo baada ya kuona data. Basi rudi kwenye mbinu uangalie kama kilipimwa tangu mwanzo. Kipande cha 4 kinajibu: tangu 1991, miaka miwili kabla ya vyandarua, walikuwa wakihesabu vifo *na* matukio ya malaria kali hospitalini. Hakikuongezwa baadaye, ila tu kipande cha 3 hakikukitaja. Kwa hiyo unaweza kukitia kwenye sentensi yako ya lengo bila kuwasingizia waandishi. Kama kisingekuwepo kipande cha 4, ningekushauri uache lengo kama lilivyoandikwa.

Na kwa kuwa tumefika hospitalini: malaria kali ilihesabiwa kwa waliolazwa. Mtoto aliyeugua vikali akabaki nyumbani hakuingia kwenye ile asilimia 44. Vifo vilifuatiliwa vijijini, malaria kali ikafuatiliwa wodini. Ni njia mbili tofauti za kuhesabu, na sentensi yako ya mbinu ikionyesha tofauti hiyo kwa maneno matatu tu, itakuwa imezidi nyingi ninazozisoma.

Mimi ningeandika hivi:

*Lengo:* Kupima kama vyandarua vyenye dawa, vilivyopunguza vifo vya watoto Gambia, vinapunguza pia vifo na malaria kali kwa watoto wadogo katika mazingira tofauti, vijijini pwani ya Kenya.

*Mbinu:* Baada ya miaka 2 ya ufuatiliaji, jamii 28 zilichaguliwa kwa bahati nasibu zikapewa vyandarua Julai 1993, nyingine 28 zikawa za kulinganishia, na vifo vijijini pamoja na waliolazwa kwa malaria kali wakahesabiwa mpaka Julai 1995.

*Matokeo:* Kwa watoto wa mwezi 1 hadi miezi 59, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 33 (7–51) na malaria kali kwa asilimia 44 (19–62) katika jamii zenye vyandarua kuliko katika jamii za kulinganishia.

Angalia nilichokiacha. Gramu 0.5 kwa mita ya mraba nimeiacha, kwa sababu ukiibadilisha ikawa nyingine, maelezo yangu ya nani alilinganishwa na nani hayabadiliki. Anayetaka kurudia jaribio atasoma makala yenyewe. Kutia dawa kila miezi 6 nilisitasita. Kama mhadhiri angekupa sentensi ndefu kidogo ningekiweka, maana kinaeleza chandarua cha namna gani kilijaribiwa: kilichotunzwa, si kilichotolewa kikasahauliwa. Kipande cha 8 nimekiacha chote. "Ushahidi wa kwanza" ni dai la waandishi kuhusu nafasi yao miongoni mwa tafiti nyingine, halimo ndani ya data yao, nami siwezi kulithibitisha kwa kusoma ikisiri peke yake. Ukitakiwa kuandika hitimisho, hapo ndipo mahali pake, na uanze kwa "waandishi wanadai" au "kwa maoni yao".

Tena angalia kwamba kwenye matokeo nimeandika "kuliko katika jamii za kulinganishia". Bila maneno hayo, msomaji atadhani vifo vilipungua kuliko zamani, yaani 1995 dhidi ya 1991. Ni jambo jingine hilo. Mwaka unaweza kuwa na mvua chache na mbu wachache, vifo vikapungua kila mahali, penye neti na pasipo na neti. Jamii 28 za kulinganishia ziliwekwa kwa ajili hiyo hasa, ziishi miaka ileile na mvua ileile.

Njia hii ya vitenzi ina mipaka yake, nawe utaigusa mapema. Katika fani nyingine, hasa fasihi, historia na falsafa, waandishi huandika ikisiri yote kwa *-na-*: makala hii inachunguza, inajadili, inaonyesha. Wachumi nao hupenda kuandika "tunaona kwamba" kwa matokeo yao wenyewe. Huko penseli yako haitakusaidia, lakini swali na jibu litakusaidia bado. Tafuta sentensi yenye dai ambalo mtu mwingine angeweza kulipinga, hilo ndilo jibu, kisha utafute swali lake. Ukikuta "inachunguza uhusiano wa biashara na ujenzi wa nyumba za mawe Lamu" hapo una mada tu, hujapata matokeo. Endelea kushuka mpaka utakapoambiwa uhusiano huo *ukoje*. Na ikisiri nyingine, nasikitika kusema, hazikuambii kabisa. Zinamalizia kwa "matokeo yanajadiliwa". Ukikutana na hiyo, andika kwamba ikisiri haikutaja matokeo, usitunge.

Zile zilizogawanywa kwa vichwa vidogo, usuli, mbinu, matokeo, hitimisho, ni rahisi, ila kwenye kichwa cha mbinu mara nyingine lengo limejificha, na kwenye hitimisho mara nyingine kuna tarakimu ambayo haikutajwa kwenye matokeo. Pita uangalie.

Na ile sentensi ya Gambia usiitupe. Umeona nimeitia ndani ya lengo kwa maneno machache, "vilivyopunguza vifo vya watoto Gambia", kwa sababu pale ndipo kazi yake ilipo: inaeleza kwa nini swali hili liliulizwa, na kwa nini liliulizwa huku kwetu. Kwenye karatasi yako ilikuwa kweli tupu, ila ilikaa kwenye mstari wa tatu badala ya wa kwanza. Iandike upya leo jioni, ukiwa umeifunika hii yangu, kisha uniletee tuisome pamoja.